Shingo Huru, Jicho Lililopangiwa

Kuna kauli iliyozoeleka siku hizi katika matangazo ya utalii na katika maandiko ya miradi ya makumbusho: kwamba video ya digrii 360 imemkomboa mtazamaji. Husemwa kwamba katika filamu ya kawaida mwongozaji ndiye anayeamua tuone nini, ilhali katika video hii inayozunguka pande zote mtazamaji mwenyewe hugeuza kichwa ndani ya miwani ya uhalisia pepe, au hutelezesha kidole juu ya kioo cha simu, akaangalia atakako. Kwa hiyo, wanahitimisha wenye kauli hiyo, hapa hapana wa kumlisha mtu maoni. Kila kitu kiko wazi, achague mwenyewe.

Siikubali hoja hii, na ningependa wasomaji wangu, hasa wale wanaokaa katika kamati za kuidhinisha fedha za kazi kama hizi, nao wasiikubali haraka. Mamlaka ya mwongozaji hayakufa katika video ya digrii 360, yamehama tu. Yalikuwa katika fremu, sasa yamo katika mahali kamera iliposimamishwa, katika kimo chake, katika upande ambao video inafungukia, na katika sekunde ambayo msimulizi anafungua kinywa. Ni mamlaka yaleyale, ila sasa ni magumu zaidi kuyaona, kwa sababu mtazamaji ameambiwa kwamba yeye ndiye mwenye nayo.

Kwanza tuangalie huo uhuru unavyotumika. Mwaka 2017 YouTube walitoa takwimu za mahali watazamaji wa video za digrii 360 wanakoelekeza macho. Waliona kwamba watu hutumia asilimia 75 ya muda wao ndani ya digrii 90 za mbele, yaani robo moja tu ya duara. Robo tatu zilizobaki hugawana muda uliosalia. Mbele, katika video hizi, maana yake ni katikati ya picha kama ilivyopakiwa, na katikati hiyo haikuumbwa na maumbile. Mhariri ndiye aliyeichagua alipoizungusha picha mezani pake. Kiwekwacho mbele ni sawa na kichwa cha habari katika ukurasa wa kwanza wa gazeti, na kiwekwacho nyuma ni tangazo dogo la ukurasa wa ndani. Hakuna aliyekatazwa kulisoma, lakini wahariri wa magazeti wanajua ni wangapi hulisoma.

Jambo hili ni la kale kuliko kamera. Robert Barker, mchoraji aliyefanya kazi Edinburgh, alipata hataza ya picha ya duara mwaka 1787, na mwaka 1793 akafungua jengo la kuionyeshea karibu na Leicester Square mjini London. Neno panorama lenyewe lilitokana na kazi yake. Watazamaji waliingizwa kutoka chini, wakapandishwa hadi jukwaa la katikati lililozungushiwa kizuizi ili wasiukaribie mchoro, na juu yao kulikuwa na kifuniko cha kuficha ukingo wa turubai na mahali mwanga ulipoingilia. Mtu aligeuka atakavyo, lakini aligeuka ndani ya kizimba ambacho kila kipimo chake kilikuwa kimekwisha kuamuliwa. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinaeleza vizuri kuliko istilahi zozote: shingo ni huru, miguu haiko huru.

Sasa niingie katika mfano mmoja, nao ni Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Wengi wenu mnapajua. Hapo palikuwa na soko la watumwa, likafungwa Juni 1873 chini ya Sultani Barghash kwa shinikizo la Waingereza. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka uleule liliwekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Anglikana, lililosimamiwa na Askofu Edward Steere, na inasimuliwa kwamba madhabahu yake imewekwa pale ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Nje ya kanisa, ndani ya shimo la mstatili, kuna sanamu za watu waliofungwa kola na mnyororo shingoni, kazi ya mchongaji wa Kiswidi Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Na katika jengo la jirani kuna vyumba vya chini, vyenye dari ya kuinamia, ambavyo wageni huteremshwa kuvitazama.

Nimetazama zaidi ya video moja ya matembezi ya mahali hapa, na iliyonifanya niandike makala haya nitaiacha bila jina. Kamera imesimamishwa uani, kwa kimo cha mtu mzima. Video inafungukia kanisa: mnara, kuta za mawe ya matumbawe, mbingu. Sanamu ziko nyuma ya mtazamaji, na tena ziko chini. Msimulizi anaanza kusema katika sekunde ya pili, anamtaja Livingstone, anamtaja Steere, anasema hapa ndipo utumwa ulipokomeshwa, kisha anasema “na hapa pia kuna mnara wa kumbukumbu ya watumwa”, bila kusema “hapa” ni wapi. Sekunde 4 baadaye picha inakatwa. Mtazamaji aliyetazama kama watazamaji wengi watazamavyo ameondoka Mkunazini akiwa ameona kanisa zuri. Hakunyimwa kitu. Aliachiwa uhuru wake wote.

Kwanini sanamu zilipotea? Si kwa sababu zilikuwa nyuma tu. Watu wanapotazama picha ya duara macho yao hukaa karibu na upeo wa macho, mstari ule ambapo ardhi hukutana na mbingu, na ni mara chache huinama au kuinuka mbali bila sababu. Hesabu yake ni nyepesi. Weka kamera mita 1.6 kutoka ardhini, na sanamu mita 3 mbele yake, kichwa chake kikiwa usawa wa ardhi. Mtazamaji anapaswa kuinamisha macho digrii 28 hivi chini ya upeo ili akione kichwa hicho. Simu iliyolazwa huonyesha takriban digrii 25 hadi 30 chini ya mstari wa katikati. Kwa hiyo hata yule aliyegeuka upande sahihi ataona ukingo wa shimo, na vichwa vitagusa mwisho wa kioo au visionekane kabisa. Mnara wa kanisa nao uko juu, lakini mnara ni mrefu: sehemu yake ya chini imo katika upeo wa macho, nao huliita jicho na kulipandisha. Shimo haliiti. Ndiyo tabia ya mashimo.

Dawa ya kwanza inayowajia watu ni kuisogeza kamera nyuma. Kwa mita 6 pembe inapungua hadi digrii 15, na vichwa vinaingia katika kioo. Lakini hapo tunakutana na gharama nyingine. Kamera za kawaida za aina hii hutoa picha yenye upana wa nukta 5760 kwa duara zima, yaani nukta 16 kwa kila digrii. Uso wa mtu, ukiukadiria sentimita 23 kwa urefu, kwa umbali wa mita 6 unapata nukta 35 tu. Kwa mita 2 unapata zaidi ya 100. Nyuso za sanamu hizi ndizo habari yenyewe, na ukizipeleka mita 6 umezigeuza vijiti. Pia usikaribie chini ya mita moja, kwa sababu kamera hizi huwa na lenzi mbili zilizopeana mgongo, na pale picha mbili zinapounganishwa pana mshono, na kitu kilicho karibu mno hukatika au hurudufika mshononi. Nimeona mkono wa mwongoza wageni uliokatika kwenye kiwiko ukaungana tena nusu kiganja kando. Wanafunzi walicheka, na walikuwa na haki ya kucheka, lakini hakuna aliyemsikiliza tena yule bwana.

Suluhisho ninalolipendelea ni kuishusha kamera. Kwa kimo cha sentimita 90 na umbali uleule wa mita 3, pembe inakuwa chini kidogo ya digrii 17, na uso unapata nukta 70 hivi. Ni kimo cha mtoto, au cha mtu aliyechuchumaa. Kanisa litaonekana refu zaidi kuliko kawaida, na hilo ni lazima ulikubali. Lakini kuna faida ambayo si ya hesabu: mtazamaji haangalii tena watu waliofungwa minyororo kutoka juu, kama mnunuzi aangaliavyo. Anakaribia usawa wao.

Na hapa niseme jambo ambalo baadhi ya marafiki zangu wa filamu hawatalipenda. Wapo watakaoshawishika kuiteremsha kamera ndani ya shimo kabisa, katikati ya sanamu, ili mtazamaji “ajisikie mtumwa”. Mimi nasema hapana. Mtu aliyekaa kwenye kochi na simu mkononi hajisikii mtumwa. Anajisikia amekaa kwenye kochi, na sasa anaamini amejua jambo ambalo hakulijua. Ukingoni ndipo mahali pake halali. Yeye ni mgeni aliyekuja kuona.

Baada ya mahali, wakati. Mtazamaji anapoingizwa katika mandhari mapya huanza kwa kuzunguka: yuko wapi, kuna nini nyuma, mlango uko wapi. Muda huo, kwa mtu wa kawaida, ni sekunde 15 hadi 20, na katika muda huo hasikii vizuri. Anachosikia hakishiki, kwa sababu macho yako kazini. Msimulizi aliyemtaja Livingstone katika sekunde ya pili alimwaga maneno yake barabarani. Katika onyesho la uani ningeacha sekunde 15 za sauti za mahali penyewe: ndege, nyayo, adhana au kengele ikitokea. Kisha ndipo sauti ianze, na neno lake la kwanza lisiwe habari. Liwe ishara.

Ishara gani? Maelekezo ya “geuka kushoto” yanafeli, na yanafeli kwa sababu rahisi sana: kushoto kwa nani? Msimulizi anadhani mtazamaji bado anatazama mbele, kumbe yeye alishageuka robo duara, na kushoto kwake sasa ni ukuta. Wazee wa pwani hawakuwa na shida hii. Kwao kibla ni kaskazini na suheli ni kusini, na pande hizo hazihami mtu anapogeuka. Ishara nzuri hufanya vivyo hivyo, hushikilia kitu kisichohama na kinachoonekana: “Tafuta mlango wa kanisa. Upande wa pili wa ua, ardhini, kuna shimo lenye ukingo wa mawe.” Sentensi hizo mbili zinamchukua mtu kutoka popote alipo hadi panapotakiwa. Halafu msimulizi anyamaze sekunde 5, kwa sababu shingo haina mwendo wa ulimi.

Ishara yenye nguvu kuliko maneno ni mtu. Mwongoza wageni anaingia kupitia upande wa kanisa, ule ambao video imefungukia, kwa kuwa huko ndiko macho mengi yaliko. Hasemi kitu. Anatembea polepole kukata ua kuelekea shimoni, na mwendo wake uchukue kama sekunde 10, ili hata aliyechelewa kumwona amshike njiani. Asipite juu ya mshono wa picha akiwa karibu na kamera. Afikapo asigeuke kumtazama mtazamaji. Asimame kando ya shimo na atazame chini. Binadamu akimwona mwenzake anatazama kitu, naye hukitazama. Hili halihitaji kufundishwa. Sasa, na si kabla, msimulizi aseme yale ambayo alikuja kuyasema: kwamba watu waliuzwa hapa, kwamba soko lilifungwa mwaka 1873, na kwamba kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa, kwani hadhi ya utumwa haikufutwa kisheria Unguja na Pemba hadi mwaka 1897. Tazama mpishano huo wa miaka 24. Katika video niliyoieleza ulimezwa na sentensi moja, “hapa ndipo utumwa ulipokomeshwa”, iliyosemwa macho yakiwa juu ya mnara. Uongo mdogo wa maneno ulishikana mkono na mpangilio wa picha, kila mmoja ukimthibitishia mwenzake.

Mengine yote ya onyesho hili yanyamaze. Mtalii asipite na mwavuli mwekundu upande wa pili, mlango usifunguliwe, paka (na Mji Mkongwe una paka) afukuzwe kwa heshima. Tukio moja kwa wakati mmoja. Katika filamu ya kawaida mambo mawili yanaweza kwenda pamoja kwa sababu fremu imeyabana. Katika duara, tukio la pili ni mwaliko wa kuliacha la kwanza.

Kisha mkato. Hapa ndipo kazi nyingi za aina hii huharibika bila watengenezaji kujua ni kwanini. Mtazamaji anapoondoka uani anatazama shimo, tuseme upande wa saa 7 ukiichukulia duara kama uso wa saa. Picha inapobadilika, shingo yake haibadiliki: bado anatazama saa 7. Kama katika onyesho jipya saa 7 ni ukuta mtupu, ameingia chumbani akitazama ukuta, na zile sekunde 15 za kujitafuta zinaanza upya kwa adhabu. Jessica Brillhart, aliyekuwa akiongoza kazi za filamu za uhalisia pepe pale Google, aliandika mengi kuhusu jambo hili, na ushauri wake kwa ufupi ni huu: kadiria mahali mtazamaji atakapokuwa anatazama mwishoni mwa onyesho, kisha uzungushe onyesho linalofuata mpaka jambo unalotaka alione likae palepale. Kuzungusha huko ni kazi ya dakika moja katika programu ya kuhariri. Kukadiria ndiko kunakohitaji akili. Kwa mfano wetu, ngazi za kuteremkia vyumba vya chini, ambazo mwongoza wageni amesimama juu yake, ziwekwe saa 7, pale shimo lilipokuwa.

Tumefika vyumbani, nami hapa nina la kusema zaidi ya ufundi. Vyumba hivi huonyeshwa kama mahali watumwa walipofungiwa kabla ya kuuzwa. Wanahistoria wamelihoji dai hilo, kwa kuwa vyumba viko chini ya jengo la misheni lililojengwa baada ya soko kufungwa. Katika kitabu, ubishi kama huo hupata aya yake na msomaji akapima. Katika video ya digrii 360 mambo ni tofauti kabisa. Mtu amezungukwa na giza, dari iko karibu na utosi wake, minyororo imewekwa juu ya kiunzi cha saruji, na sauti inamwambia: walikaa hapa, kwa makumi. Mwili wake unatoa ushahidi. Ukimwambia baadaye kwamba jambo hilo lina ubishi, atakujibu kwamba yeye alikuwepo.

Kwa hiyo neno la tahadhari lisingoje mwisho wa onyesho, wala lisitupwe katika maandishi ya maelezo chini ya video ambako hakuna afikaye. Lisemwe juu ya ngazi, kabla ya kuteremka, wakati bado kuna jua na mtazamaji ana kitu kimoja tu cha kutazama: uso wa mwongoza wageni, mita 2 mbele yake, akisema kwamba chumba atakachokiona kimekuwa sehemu ya kumbukumbu ya mahali hapa, na kwamba wataalamu hawakubaliani kilitumika kwa nini. Ndani, msimulizi akae kimya. Mtu mzima hahitaji kuelezwa dari fupi.

Wenye mashaka wataniuliza kama huruma inayozaliwa na picha hizi haitoshi. Swali hili lilishaulizwa mwaka 2015, ilipotoka filamu fupi ya Clouds Over Sidra, iliyotengenezwa na Gabo Arora na Chris Milk kwa kushirikiana na Umoja wa Mataifa. Inamfuata msichana wa miaka 12 kutoka Syria katika kambi ya Za’atari nchini Yordani, na ilionyeshwa Januari mwaka huo Davos, kwa wakubwa wa dunia waliokuja kwenye Jukwaa la Uchumi. Baadaye Milk aliuita uhalisia pepe mashine ya huruma. Filamu ile imetengenezwa kwa uangalifu. Sauti ya Sidra inakuongoza bila kukusukuma, kamera iko kwenye kimo kinachowaheshimu watoto, na hakuna haraka. Hata hivyo waheshimiwa wale waliweza kutazama kila upande wa darasa na wa hema isipokuwa ule ambao wao wenyewe walikuwa wamesimama. Huruma inayokuwezesha kugeuza shingo haikuwezeshi kuuliza ni nani aliyeipeleka kamera pale na kwa lengo gani. Silaumu filamu. Nalaumu wale wanaotumia neno huruma kana kwamba ni stakabadhi.

Katika semina moja mwanafunzi alinibana vizuri. “Mwalimu,” alisema, “wewe unawashutumu wanaoelekeza macho ya watu, halafu unatufundisha mwendo wa mwongoza wageni kwa sekunde. Tofauti yenu ni nini?” Nilimjibu kwamba, mwanangu, kutoelekeza hakupo. Ukiiweka kamera uani na kuondoka, umeelekeza macho kwenye mnara, kwa sababu mnara ni mkubwa na uko mbele. Kilicho kirefu, chenye rangi na chenye mwendo hushinda daima, na katika miji yetu vitu virefu vilijengwa na wenye nguvu. Anayesema haingilii kati amewaachia wajenzi wa minara waingilie kwa niaba yake. Tofauti ninayoitetea ni kwamba aelekezaye aonekane akielekeza. Mwongoza wageni aliyesimama kando ya shimo anaonekana. Mtazamaji anajua kwamba ameonyeshwa, na anaweza kumwacha akarudi kwenye mnara. Lakini mhariri aliyelizungusha shimo likakaa mgongoni haonekani kamwe. Hakuridhika kabisa, akaniambia kwamba mwongoza wageni naye amelipwa na mtu. Ni kweli, amelipwa.

Kwa wale wa ofisini, ambao kesho au keshokutwa watapelekewa pendekezo la kutengeneza matembezi ya video ya boma fulani, gofu fulani au kaburi la shujaa fulani, nina maombi machache yasiyohitaji utaalamu wa kamera. Msiombe sampuli ya kutazama peke yake, kwa sababu sampuli huonyeshwa ofisini katika miwani na mtengenezaji amesimama pembeni akisema “sasa tazama huku, mheshimiwa”. Ombeni kwanza mchoro wa duara kwa kila onyesho: kamera iko wapi na kwa kimo gani, video inafungukia upande gani, tukio kuu liko saa ngapi katika duara, sauti inaanza sekunde ya ngapi, na mgongoni kuna nini. Mtengenezaji asiyeweza kuchora karatasi hiyo hajapanga, amepiga tu. Na yule anayeweza, mtaona kwa macho yenu amemweka nani mbele na nani nyuma, nanyi mtaweza kubishana naye kabla fedha hazijatoka.

Kisha ijaribuni kazi kama wananchi watakavyoitazama. Wengi wao hawana miwani; wana simu, bando la kuhesabu na kidole. Wengi hawatavaa vipokea sauti masikioni, kwa hiyo ule ufundi wa sauti inayotoka upande wa tukio na kuhama kadiri kichwa kinavyogeuka, ambao ni mzuri na YouTube wamekuwa wakiupokea tangu 2016, kwenye spika ya simu haufiki. Ishara iliyotegemea hatua za mtu zikisikika kutoka nyuma imekufa hapo. Sauti ya msimulizi iwe ile isiyohama, inayosikika sawasawa popote mtu atazamapo, na ibebe maelekezo yote muhimu yenyewe.

Jaribio lenyewe halina gharama. Chukueni watu 8 au 10 ambao hawakuhusika na kazi: mlinzi wa geti, mhasibu, mwanafunzi wa mazoezi, mama wa kantini. Kila mmoja aitazame video kwenye simu yake huku simu ikirekodi kioo chake, jambo ambalo simu nyingi za leo zinaweza. Msimweleze kitu. Baadaye fungueni zile rekodi na muangalie sekunde ileile katika zote, ile ambayo msimulizi anataja jambo kubwa kuliko yote. Darasani kwangu tulilifanya hili kwa video ya Mkunazini. Katika sekunde ambayo watumwa walitajwa, karibu kila simu ilikuwa inaonyesha mnara, na moja ilikuwa inaonyesha miguu mitatu ya kishikio cha kamera, ambayo mtengenezaji alisahau kuifuta.